Nani Alichomoa Plagi ya Friji? Njia za Mkato za Kuandika Taarifa ya Tukio na Kubaki na Marafiki

Umeambiwa uandike taarifa ya tukio. Kitu kimeharibika, mtu fulani amehusika, mtu huyo mnakula naye mchana, na mkubwa wenu naye ana kipande chake katika mkasa. Unataka mambo matatu kwa mpigo: ukweli ujulikane, mwenzako asidhalilike, nawe uonekane mwandishi mwenye akili. Usilionee haya hilo la tatu. Kila anayeshika kalamu analitaka, na nitakuonyesha pa kulipata.

Sogea karibu. Ujanja wote umo katika mnyambuliko wa vitenzi, ule uliofundishwa darasani ukadhani ni wa mtihani tu.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa zahanati yoyote yenye friji la chanjo. Friji hilo linatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na joto lake husomwa mara mbili kwa siku na kuandikwa kwenye chati. Ijumaa jioni mlinzi alichomoa plagi ya friji ili achaji simu. Jumatatu asubuhi muuguzi alikuta ndani kuna nyuzi 17. Wilaya inataka maelezo. Kalamu iko mkononi mwako.

1. Zijue ngazi nne za kujificha

Tendo moja la mlinzi linaweza kuandikwa hivi:

Mlinzi alichomoa plagi.
Plagi ilichomolewa na mlinzi.
Plagi ilichomolewa.
Plagi ilichomoka.

Kila ukishuka ngazi, mtu anafifia. Ya kwanza ni kauli ya kutenda, na mlinzi amesimama mlangoni mwa sentensi. Ya pili ni kauli ya kutendwa, plagi imetangulia lakini mlinzi bado yupo. Ya tatu ni kutendwa vilevile, ila mlinzi ameondoka, ingawa kitenzi chenyewe kinakiri kwamba kuna mkono wa mtu. Ya nne ni kauli ya kutendeka. Hapo mkono wa mtu haupo kabisa, na hata ukitaka kuurudisha huwezi. Hakuna asemaye "plagi ilichomoka na mlinzi".

Waandishi wengi wa taarifa huiendea ngazi ya nne kwa adabu. Wanadhani wanamstahi mwenzao. Kumbe wamebadilisha tukio. Plagi iliyochomoka ni plagi legevu, na dawa yake ni fundi wa kubadilisha soketi. Plagi iliyochomolewa ilikuwa imara, na dawa yake ni soketi ya pili ya kuchajia simu. Ukiandika "ilichomoka", wilaya itamtuma fundi, fundi ataikuta soketi nzima, atasaini karatasi yake na kuondoka. Simu zitaendelea kuchajiwa palepale.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni fupi: kutendeka kutumike pale tu kitu kilipojifanyia chenyewe, au ambapo hakuna mtu wa zamu, fundi wala mlinzi aliyekigusa. Umeme ulikatika, sawa. Bomba lilipasuka kwa kutu, sawa. Fedha zilipotea, faili halikuonekana, dawa ziliisha, gari liliacha njia na kupinduka: hapo simama kwanza uulize. Fedha hazina miguu.

2. Ifiche kwanza, uone inavyoonekana

Huu ni ujanja ninaoupenda. Kabla hujaandika taarifa nzuri, andika ile mbovu ambayo mkono wako unaitamani. Itatoka karibu hivi:

"Mnamo Ijumaa jioni mlinzi alichomoa plagi ya friji la chanjo kwa uzembe ili kuchaji simu yake binafsi. Ufuatiliaji wa joto haukufanyika mwishoni mwa wiki. Jumatatu ilibainika kuwa joto limepanda na baadhi ya chanjo zimeharibika. Hatua stahiki zimechukuliwa."

Inasomeka vizuri, sivyo? Ina sauti ya ofisi. Sasa chukua kalamu nyekundu uzungushie kila kitenzi, kisha pembeni ya kila kimoja andika jibu la swali moja: na nani?

Alichomoa: mlinzi. Haukufanyika: kimya. Ilibainika: kimya. Limepanda: kimya. Zimeharibika: kimya. Zimechukuliwa: kimya.

Katika taarifa nzima kuna mtu mmoja tu aliyetenda, naye ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote. Aliyepanga zamu hayupo. Aliyetakiwa kusoma joto Jumamosi na Jumapili hayupo. Hata muuguzi aliyeligundua tatizo, ambaye anastahili sifa, amemezwa na "ilibainika". Ukiondoa neno "uzembe", kila sentensi ukiitazama peke yake ni ya kweli, na zote kwa pamoja zinadanganya.

Hili ndilo la kuchunguza katika taarifa yoyote utakayoletewa. Usihesabu kauli za kutendwa ni ngapi. Tazama nani kapewa kutenda na nani kafichwa. Mara nyingi wadogo huchomoa, huvunja, huangusha na kusahau, ilhali kwa wakubwa mambo huamuliwa, huonekana vyema na kutofanyika. Ukiona mgawanyo huo, jua mwandishi alikuwa na hofu, na jua alikuwa akimwogopa nani.

Wala usidhani ni suala la mapambo ya lugha. Mwaka 2010 wanasaikolojia Caitlin Fausey na Lera Boroditsky walichapisha majaribio ambamo waliwapa watu kisa cha moto uliozuka mgahawani baada ya mshumaa kuanguka. Kundi moja lilisoma kwamba mwanamke aliangusha mshumaa, jingine likasoma kwamba mshumaa ulianguka. Kisa kilikuwa kimoja, hasara moja. Waliosoma sentensi za kutenda walimlaumu zaidi yule mwanamke, na walipoulizwa alipe kiasi gani wakamtoza zaidi. Katika jaribio jingine la watafiti haohao, hata watu waliotazama tukio lenyewe kwa video waliyumbishwa na maneno waliyoyasoma. Kwa hiyo unapompa mlinzi peke yake kauli ya kutenda, unagusa mfuko wake.

3. Jihadhari na "ndiye", jihadhari na "na"

Sasa utasema: basi nimweke mlinzi katika kutendwa, "plagi ilichomolewa na mlinzi", nimpunguzie makali. Subiri.

Katika Kiswahili jambo jipya na zito hupenda kukaa mwishoni mwa sentensi. Soma kwa sauti: "Plagi ilichomolewa na mlinzi." Sauti yako imetua wapi? Kwa mlinzi. Ulitaka kumfunika, ukamwekea taa. Sentensi hiyo inajibu swali la "nani alichomoa?", swali la polisi. "Mlinzi alichomoa plagi saa 11:40 jioni ili achaji simu" inajibu swali jingine, la nini kilitokea. Hapo sauti inatua kwenye saa na kwenye simu, na mlinzi anapita kama mtu yeyote aliyekuwa kazini siku hiyo. Kauli ya kutenda, ikifuatwa na saa na sababu, mara nyingi ni ya upole kuliko kutendwa kunakoishia na jina.

Kali kuliko zote ni hii: "Mlinzi ndiye aliyechomoa plagi." Hicho ni kidole. "Ndiye" inawatoa wengine wote chumbani na kumwacha mmoja katikati. Iondoe katika kila sentensi ya kosa.

Lakini usiitupe, maana ina kazi nzuri mahali pengine. "Muuguzi ndiye aliyeligundua tatizo, akaziwekea chanjo karatasi ya USITUMIE kabla kliniki haijaanza." Kidole kilekile, sasa kinaonyesha sifa. Binadamu hupenda kutajwa akifanya jema, na ukimpa hilo atakuwa mkweli zaidi katika tukio lijalo. Hakuna dhambi kuutumia udhaifu huo.

4. Wapi kutendwa kunafaa

Usitoke hapa ukiamini kwamba kutendwa ni haramu. Kuna nafasi zake.

Mojawapo ni pale mtendaji hajulikani kweli, na umeuliza ukakosa. Andika "kufuli la chumba lilikuwa limeondolewa", kisha ongeza sentensi ya kutenda inayokuhusu wewe: "Niliwauliza wafanyakazi wanne wa zamu, hakuna aliyejua liliondolewa lini." Bila sentensi hiyo ya pili, msomaji hawezi kujua kama umetafuta au umeficha.

Nyingine ni pale kinachofuatiliwa ni kitu chenyewe. Ukieleza safari ya vichupa vya chanjo, viache vichupa viongoze: vilipokelewa Jumanne, viliwekwa rafu ya juu, vilihamishiwa kwenye sanduku la baridi Jumatatu saa 2. Kumtaja mtu katika kila hatua kungemchosha msomaji bila faida, maana hakuna aliyekosea huko.

Nafasi ya tatu ndiyo ya ufundi, na mfano wake bora niujuao ulitoka Marekani. Tarehe 28 Februari 2017 huduma ya kuhifadhi data ya Amazoni iitwayo S3 ilizimika kwa saa kadhaa katika eneo la Virjinia Kaskazini, na tovuti nyingi zikaanguka nayo. Kampuni ilitoa maelezo. Ilieleza kwamba mfanyakazi wa timu, mwenye idhini na akifuata mwongozo wa kazi uliokuwepo, aliendesha amri ya kuondoa seva chache. Hiyo ni kutenda. Halafu ikaja sentensi moja ya kutendwa: kipengele kimoja cha amri hiyo kiliingizwa vibaya, na seva nyingi kuliko zilizokusudiwa zikaondolewa. Baadaye kidogo kutenda kukarudi, safari hii mtendaji akiwa chombo: zana iliruhusu seva nyingi mno kuondolewa kwa haraka mno. Kisha kampuni ikatenda yenyewe: tumeirekebisha zana iondoe polepole, tumeiwekea kizuizi isishuke chini ya kiwango kinachohitajika.

Angalia walivyopanga. Mtu yupo, na kila msomaji anajua kwamba aliyeendesha amri ndiye aliyekosea kuandika kipengele. Hakuna kilichofichwa. Ila katika ile nukta ya kuteleza kwa kidole, kitenzi kimemwachia nafasi ya kupumua, na kabla hujamkasirikia umeshapelekwa kwenye zana ambayo haikupaswa kumtii. Kutendwa kumetumika katika sentensi moja, kukiwa na kutenda kabla yake na baada yake. Kungetanda taarifa nzima, kungekuwa pazia.

Iga mpango huo: taja mtu kwa kazi yake katika sentensi inayotangulia, tumia kutendwa katika nukta ya kuteleza tu, kisha upe kutenda mfumo ulioruhusu, na umalizie kwa kutenda kwa yule atakayerekebisha.

5. Aina mbili za vitenzi zinazouma kuliko zote

Unaweza kupanga kauli zako vizuri kabisa kisha ukaharibu kazi kwa aina mbili za maneno.

Aina ya kwanza ni ya moyoni: alipuuza, alisahau, hakujali, alizembea. Wewe hukuwa ndani ya kichwa cha mlinzi. Ulichonacho ni saa na matendo. Badala ya "alisahau kurudisha plagi", muulize ilikuwaje, kwa swali la "nini kilifuata?" na siyo "kwa nini hukurudisha?" Atakuambia: saa 12:10 jioni aliitwa langoni kumfungulia mama mjamzito aliyeletwa kwa bodaboda. Saa 4 usiku alirudi gizani, akachomoa chaja, akachukua simu. Plagi ya friji ilikuwa imeangukia nyuma ya meza. Andika hayo yote, na neno "alisahau" litakosa pa kukaa.

Aina ya pili ni kitenzi cha kukanusha: hakusoma joto, hakufuata utaratibu, alishindwa kuchukua hatua. Kitenzi cha kukanusha hakielezi kilichotokea. Kinaeleza ulichotamani kitokee, baada ya wewe kuujua mwisho. Sidney Dekker, aliyeandika sana juu ya uchunguzi wa makosa ya kibinadamu, huwaonya wachunguzi juu ya mtego huu: ukisema mtu "alishindwa" kufanya jambo, umehukumu kabla hujaeleza.

Dawa ni kuigawa sentensi ya kukanusha iwe mbili, zote za ukweli uliothibitishwa. "Muuguzi hakusoma joto Jumamosi" igeuze: "Utaratibu unataka joto lisomwe asubuhi na jioni kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Orodha ya zamu ya mwezi huo ina msomaji wa joto kwa siku za Jumatatu hadi Ijumaa tu." Lawama iliyokuwa ikimwelekea muuguzi sasa imepata anwani sahihi, nayo ni orodha. Na orodha ina mwandishi wake, jambo linalotuleta penye ugumu.

6. Namna ya kumtaja mkubwa bila kupoteza kazi

Orodha ya zamu huandaliwa na mganga mfawidhi. Yeye ndiye atakayesaini taarifa yako. Hapa kalamu za wengi hugeuka na kuanza kuandika "kulikuwa na changamoto katika upangaji wa zamu".

Usigeuke. Fanya hivi. Andika: "Mganga mfawidhi huandaa orodha ya zamu kila mwezi kwa kutumia fomu ya zahanati, ambayo haina nafasi ya msomaji wa joto kwa siku za mapumziko." Ona kitenzi: "huandaa". Hicho ni cha mazoea, kinaeleza kazi yake ya kila mwezi, na mtu haoni haya kutajwa akifanya kazi yake. Fomu imebeba pengo. Lakini yeyote asomaye anajua nani ana uwezo wa kuliziba.

Kisha mpe anachokipenda. Katika sehemu ya marekebisho, mpe kauli ya kutenda iliyonyooka na tarehe: "Mganga mfawidhi ataongeza nafasi ya msomaji wa joto kwenye fomu kabla ya orodha ya mwezi ujao kutoka." Wakubwa hupenda kuonekana wakitengeneza. Mtu ambaye angekataa kusaini taarifa inayomtaja mara moja upande wa tatizo, atasaini inayomtaja mara mbili, mara ya pili akiwa na nyundo mkononi. Nawe umepata ahadi yenye mwenyewe na tarehe, kitu ambacho "hatua stahiki zimechukuliwa" haitakupa kamwe.

Sehemu ya marekebisho isiwe na kitenzi cha kutendwa hata kimoja. "Soketi ya pili itawekwa" ni sentensi isiyo na mtu, na soketi isiyo na mtu haiwekwi.

7. Andika sasa

Ukiziunganisha hatua hizo, sehemu ya taarifa inayoeleza tukio inakuwa hivi:

"Ijumaa saa 9:30 alasiri muuguzi wa zamu alisoma joto la friji la chanjo: nyuzi 5. Chumba cha friji kina soketi moja. Wafanyakazi watatu walieleza kwamba huchaji simu katika soketi hiyo. Saa 11:40 jioni mlinzi alichomoa plagi ya friji, akachomeka chaja ya simu anayoitumia kuita msaada usiku. Saa 12:10 aliitwa langoni kumpokea mgonjwa. Saa 4 usiku alirudi kuchukua simu. Plagi ya friji ilikuwa imeangukia nyuma ya meza na haikurudishwa.

Kifaa cha kurekodi joto kinaonyesha kwamba joto lilivuka nyuzi 8 Jumamosi saa 4 asubuhi. Baada ya saa 10 mfululizo, saa 2 usiku, kilitoa alama ya hatari kwenye kioo chake. Kifaa hiki hakipigi kelele. Utaratibu unataka joto lisomwe asubuhi na jioni kila siku. Mganga mfawidhi huandaa orodha ya zamu kwa fomu isiyo na nafasi ya msomaji wa joto kwa Jumamosi na Jumapili.

Jumatatu saa 1:30 asubuhi muuguzi ndiye aliyeligundua tatizo. Alisoma nyuzi 17, akazihamishia chanjo kwenye sanduku la baridi, akaziwekea karatasi ya USITUMIE, akampigia simu mratibu wa chanjo wa wilaya. Mratibu alikagua kiashiria cha joto cha kila kichupa na kuagiza vichupa vya matone ya polio viondolewe. Hakuna mtoto aliyepewa chanjo hizo. Mlinzi alieleza mwenyewe kuhusu plagi saa 2 asubuhi, kabla hajaulizwa."

Rudia jaribio la kalamu nyekundu. Mlinzi ametenda, muuguzi ametenda, mganga mfawidhi ametenda, mratibu ametenda. Kila mmoja amepata angalau kitenzi kimoja kinachomwonyesha akifanya kazi yake, na mlinzi, ambaye katika taarifa mbovu alikuwa mzembe, hapa ametajwa pia akisema kweli. Kutendwa kwa maana kubwa kumebaki kumoja, "haikurudishwa", katika nukta ya kuteleza, na hakuna asiyejua ni nani. Kiashiria cha kichupa nimekitaja kwa sababu ndicho kinachoamua: mraba wa ndani ukishafanana rangi na duara linalouzunguka, au ukawa mweusi zaidi, chanjo hiyo haitumiki. Msomaji wa wilaya atataka kujua uamuzi ulitokana na nini, kuliko nani alikasirika.

Jina la mlinzi halimo, na halihitajiki. Taarifa za ajali za ndege huandika "rubani" na "rubani msaidizi", kwa kuwa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago kinasema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, siyo kugawa lawama wala dhima. Kazi ya mtu inatosha kuonyesha wajibu. Majina ya waliohojiwa yaweke katika faili la ofisi, kwa atakayehitaji kufuatilia.

8. Pale upole unapokoma

Ujanja huu ni wa makosa na mazoea mabaya. Hauhusu wizi wala kughushi. Ukifungua chati ya joto ukakuta Jumamosi na Jumapili zimejazwa nyuzi 5, asubuhi na jioni, kwa wino uleule na mwandiko uleule, huku kifaa cha kurekodi kinaonyesha nyuzi 12 na 15, hapo kuna mtu aliyeketi akabuni namba. Usimtafutie kutendwa. Andika kwa kutenda kile chati inachosema na kile kifaa kinachosema, sambamba, kisha jambo hilo lipeleke kwa njia ya nidhamu, katika barua yake lenyewe. Ukilichanganya na taarifa ya tukio, tukio lijalo hakuna mlinzi atakayekuja saa 2 asubuhi kukueleza kuhusu plagi.

Vilevile usimfunike mtu kwa "sisi". "Tulichomoa plagi" inaonekana ya upendo, lakini inawapaka matope wasiokuwepo na kumnyima aliyekuwepo nafasi ya kueleza saa na sababu yake. "Sisi" itumie kwa maamuzi mliyoyafanya pamoja kweli.

Kabla hujaipeleka kwa mganga mfawidhi, mpelekee mlinzi taarifa yote aisome, au msomee kama hana miwani. Sentensi itakayomfanya akunje uso ama ina ukweli ulioukosea, ama ina kitenzi cha moyoni kilichokuponyoka. Irekebishe mbele yake. Akisema ndivyo ilivyokuwa, tia tarehe, saini, uipeleke wilayani siku hiyohiyo.